Malipo ya muuzaji yanapoangukia simu ya mtu mwingine: Hatua za kuyasaka

TUSEME ni saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Mwanamke mwenye kibanda cha nguo mjini Machakos amepokea mzigo wake wa sweta kutoka soko la Gikomba jijini Nairobi, na mwenye mali anasubiri Sh8,600 zake. Nambari ya simu ya kulipia imeandikwa kwa kalamu juu ya gunia. Mteja anaibonyeza tarakimu moja baada ya nyingine, anatia nambari ya siri, na punde simu inalia kuonyesha ujumbe umeingia.

Anausoma. Pesa zimekwenda, lakini jina lililomo kwenye ujumbe halitambui. Anapolinganisha nambari aliyotumia na ile iliyo juu ya gunia, anagundua kwamba mwishoni, mahali palipopaswa kuwa 53, yeye aliandika 35.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini hakuna Mkenya anayetumia M-Pesa, huduma iliyozinduliwa na kampuni ya Safaricom mnamo Machi 2007, atakayekiona kigeni. Tarakimu mbili zikipishana, jasho la wiki nzima huingia kwenye simu ya mtu usiyemjua, ambaye huenda yuko Malindi au Kitale.

Hapo ndipo watu hugawanyika mafungu mawili. Wapo wanaodhani kwamba kampuni ya simu ina uwezo wa kuzivuta pesa hizo papo hapo, hivyo basi hawana haraka. Wapo pia wanaokata tamaa mara moja na kusema maji yakimwagika hayazoleki.

Mafungu yote mawili hukosea. Urejeshaji wa pesa ni ombi, wala si amri. Ombi hilo hufaulu au hukwama kutegemea mambo mawili: iwapo pesa zingali mahali zilipoangukia, na mwenye mahali hapo atasema nini akiulizwa. Ukiyaelewa mambo haya mawili, utaelewa pia ni kwa nini kila hatua inayoelezwa hapa chini ina wakati wake.

DAKIKA ZA KWANZA

Jambo la kwanza ni kuutunza ujumbe wa M-Pesa uliothibitisha malipo. Ujumbe huo huanza kwa msimbo wa herufi na tarakimu 10, ambao haufanani na wa muamala mwingine wowote. Kisha hufuata kiasi, jina la mpokeaji, tarehe na saa. Mwanamke wetu akiufuta kwa hasira, atakuwa amejinyima kitambulisho cha pesa zake.

Jambo la pili ni kuupeleka ujumbe huo, kama ulivyo, kwa nambari 456. Usiuandike upya wala kuufupisha, na usiongeze maelezo ya masikitiko yako. Tumia laini ileile iliyotuma pesa. Mtambo husoma msimbo, hutafuta muamala wenyewe na kufungua ombi la urejeshaji. Utapata jibu la kukufahamisha kuwa ombi limepokelewa. Jibu hilo huwafurahisha wengi kabla ya wakati, kwani maana yake ni kwamba ombi lako limeingia kwenye foleni, si kwamba pesa zimerudi.

Baada ya kutuma ujumbe huo unaweza kupiga simu kwa nambari 100 ya kuwahudumia wateja wa malipo ya kabla, au kufika katika duka la Safaricom ukiwa na kitambulisho chako. Lakini mpangilio huo usiupindue. Anayeanza kwa kupiga simu na kungoja ahudumiwe hupoteza dakika ambazo angekuwa tayari amewasilisha ombi lake.

Kwa nini dakika chache ziwe na uzito hivyo? Kwa sababu pesa za simu hazikai. Mpokeaji anaweza kuzitoa kwa wakala, kumtumia ndugu yake, kununua unga au kulipia stima. Kampuni inaweza tu kuzuia kiasi kinachoonekana kwenye akaunti ya M-Pesa ya mpokeaji. Zikishatoka hapo, hakuna kilichobaki cha kuzuia, na ombi lako hukosa mahali pa kushika.

Jambo la tatu ni kumpigia muuzaji kumweleza yaliyotokea. Wanunuzi wengi hulikwepa hili kwa haya, ila lina manufaa. Muuzaji anayengoja pesa bila habari huanza kushuku kwamba anachezewa, na baadaye huenda ushahidi wake ukahitajika ili kuonyesha kwamba malipo yale yalikuwa yake na kwamba hayakumfikia.

KWA NINI KAMPUNI HAIZIVUTI TU

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mtambo unajua pesa zilitoka wapi na zikaenda wapi, na mwenyewe analia kwamba amekosea, kuna haja gani ya kumuuliza mpokeaji?

Hebu litazame suala hili ukiwa upande wa muuzaji yule wa Gikomba. Mteja anamjia, anachagua sweta, analipa kwa simu, anaondoka na mzigo wake. Akifika kwenye kituo cha matatu anatuma ujumbe kwa 456 na kudai kwamba alikosea nambari. Lau pesa zingerudi kwa neno lake pekee, mchuuzi angebaki bila mali na bila malipo. Ulaghai wa aina hii umewaliza wafanyabiashara wadogo wengi, na ndio unaofanya mpokeaji apewe nafasi ya kusikizwa kabla pesa kuondolewa kwake.

Kwa hivyo ombi likishafika na pesa zikapatikana zingalipo, kiasi hicho huzuiwa na upande wa pili hujulishwa. Mpokeaji akikubali kwamba hazikuwa zake, hurudishwa kwa aliyezituma. Akipinga na kusema ni malipo halali ya kazi au bidhaa, kampuni haina jukumu la kuwa hakimu. Huo huwa mgogoro wa watu wawili, na mahali pa kuutatua ni kwingine, kama tutakavyoona.

Kuna hatari nyingine ndogo inayostahili kutajwa hapa. Mwanamke wetu wa Machakos, baada ya kutuma ombi, anaweza kumpigia aliyepokea pesa na kumsihi azirejeshe. Si vibaya. Lakini mpokeaji akizituma mwenyewe na papo hapo ombi la 456 nalo lifaulu, mpokeaji atakuwa amekatwa mara mbili kwa kosa lisilo lake. Ni bora kumwambia aziache zilivyo, asizitoe, na akiulizwa na kampuni akubali. Iwapo amekwisha kuzituma, ifahamishe kampuni ili ombi lifungwe.

Ushauri huo pia unamfaa mpokeaji. Walaghai wamezoea kutuma ujumbe wa kubuni unaofanana na wa M-Pesa, kisha hupiga simu wakilia kwamba wametuma karo au pesa za hospitali kimakosa. Anayepigiwa simu ya aina hiyo aangalie salio lake mwenyewe kwanza, bila kuutegemea ujumbe alioletewa. Hata akikuta salio limeongezeka kwa kweli, njia salama ni kumwelekeza aliyekosea atume ujumbe kwa 456.

Na yeyote anayepiga simu akijidai kuwa mhudumu anayeshughulikia urejeshaji, kisha akaitisha nambari ya siri, huyo ni mwizi. Nambari hiyo haihitajiki katika hatua yoyote ya kuwasilisha au kukamilisha ombi. Safaricom hujitambulisha kwa wateja wake kupitia nambari 0722 000 000 inapowapigia.

DENI LINAPOMEZA PESA

Turudi Machakos. Mwanamke wetu ametuma ujumbe wake kwa 456 dakika tatu tu baada ya kosa. Mpokeaji ni kijana mwaminifu ambaye hata simu yake hakuwa ameitazama. Je, Sh8,600 zitarudi?

Huenda zisirudi, na hapa ndipo wengi hushangaa. Tangu Januari 2019 wateja wa M-Pesa wamekuwa na Fuliza, mkopo unaomwezesha mtu kukamilisha malipo hata salio lake likiwa halitoshi. Fuliza hujilipa yenyewe. Pesa yoyote inapoingia kwenye akaunti ya mwenye deni, hukatwa mara moja kulipia kile anachodaiwa, na kinachosalia ndicho humfikia.

Tuseme kijana huyo alikuwa na deni la Fuliza la Sh3,000. Pesa za sweta zilipoingia, Sh3,000 ziliondoka kabla hajajua kwamba amepokea chochote, na kwenye akaunti yake zikabaki Sh5,600. Ombi linatafuta Sh8,600 na haziko. Kijana hajala hata senti moja kwa hila, ila deni lake limepungua kwa pesa za mtu mwingine.

Katika hali kama hii, kumpigia mpokeaji simu si jambo la hiari tena. Mtu anapaswa kumweleza kwa utulivu kwamba Fuliza yake imelipwa kwa pesa ambazo hazikuwa zake, na kwamba bado anawajibika kwa kiasi chote. Mara nyingi maelewano huwa ni kuzirejesha Sh5,600 zilizopo mara moja na kulipa Sh3,000 zilizobaki kwa tarehe mnayokubaliana. Maafikiano hayo yaandikwe kwa ujumbe mfupi wa simu na upande wa pili ujibu kwamba amekubali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari ni ile orodha ya jumbe simuni.

Jinsi ya kuzungumza naye nayo ina uzito. Kumpigia mtu usiyemjua saa mbili usiku kwa matusi na vitisho vya polisi humfanya azime simu. Mtumie kwanza ujumbe ulioandika wazi kiasi, saa, msimbo wa muamala na maneno kwamba pesa hizo zilikuwa za kumlipa mtu mwingine. Ujumbe huo ni wa adabu, lakini pia ni ushahidi. Kuanzia wakati aliousoma, mpokeaji hawezi kudai kwamba hakujua. Tutaona hivi karibuni ni kwa nini sheria hulijali jambo hilo.

TILI, POCHI NA NAMBARI YA BENKI

Kisa cha gunia kilihusu nambari ya kawaida ya simu. Lakini wauzaji wengi leo hawapokei malipo kwa njia hiyo, na mahali pesa zilipoangukia hubadilisha mwendo wa kuzisaka.

Kwanza ni nambari ya tili, ile inayobandikwa ukutani dukani na ambayo huonekana kwenye simu chini ya Buy Goods katika Lipa na M-Pesa. Mteja akikosea tarakimu moja, pesa humwendea mfanyabiashara mwingine, labda mwenye duka la dawa katika mji ambao mteja hajawahi kuukanyaga. Ujumbe hupelekwa kwa 456 kama kawaida, lakini hapa ni lazima mwenye biashara akubali. Kwa kuwa huyo hupokea malipo mengi kwa siku, kwanza anahitaji kupekua hesabu zake ili ahakikishe kwamba hakuna bidhaa iliyotoka kwa malipo hayo. Subira ya siku kadhaa si ajabu. Faida iliyopo ni kwamba jina la biashara huonekana kwenye ujumbe, na biashara yenye jina na mlango ni rahisi kuipata kuliko mtu binafsi.

Pili ni Pochi la Biashara, inayotumiwa na wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na wauzaji wa mboga wanaotaka kutenga pesa za kazi na zao za nyumbani. Pochi hutumia nambari ya simu ya mchuuzi, hivyo basi kosa la tarakimu hutokea kwa urahisi uleule wa kutuma kwa simu ya kawaida. Lakini iliundwa kwa ahadi kwamba mteja hawezi kurudisha malipo bila mwenye Pochi kuridhia. Ahadi hiyo humlinda mchuuzi dhidi ya mteja mlaghai tuliyemtaja, na wakati huohuo humwia vigumu mteja mwaminifu aliyekosea.

Tatu, baadhi ya wauzaji hutumia nambari ya Pay Bill ya benki ambapo mteja hutia pia nambari ya akaunti. Hapa kosa huwa kwenye akaunti. Nambari ya benki ni sahihi, M-Pesa imefanya kazi yake, na pesa zimekwisha kuingia benki, ila kwa akaunti ya mtu mwingine. Anayehitaji kuombwa ni benki yenyewe, na ombi liwasilishwe kwenye tawi au kwa kitengo chake cha kuwahudumia wateja, ukiwa na msimbo wa M-Pesa, nambari ya akaunti uliyotia na ile uliyokusudia. Kuendelea kuisukuma kampuni ya simu katika hali hii ni kumdai mjumbe barua aliyokwisha kuifikisha.

Na iwapo nambari uliyokosea ni ya mtandao mwingine, pesa zitakuwa zimetoka katika M-Pesa na kuingia kwenye huduma ya kampuni nyingine, kama vile Airtel Money. Ombi lako huanzia bado kwa kampuni iliyotuma, lakini sasa linahitaji ushirikiano wa kampuni mbili.

MPOKEAJI AKIKATAA

Sasa tuchukue hali mbaya zaidi. Mpokeaji amesoma ujumbe, ameelewa, na amejibu kwamba ni Mungu aliyemjibu maombi. Baada ya hapo hapokei simu.

Kwenye sheria za Kenya, huo si ujanja wa mjini bali ni kosa la jinai. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinamlenga mtu ambaye kwa makusudi anaficha au kuzuia ujumbe au malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa na ambayo yalipaswa kumfikia mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Neno la kuzingatiwa hapo ni makusudi. Mtu ambaye pesa zilimezwa na Fuliza usiku akiwa usingizini hajatenda kosa kwa kulala. Kosa huanza anapojua na kuzizuia. Ndiyo sababu ule ujumbe wa adabu uliomtumia una thamani, kwani unathibitisha siku na saa aliyojulishwa.

Anayetaka kuifuata njia hii aende kituo cha polisi akiwa na ujumbe wa M-Pesa, jibu la 456 na mawasiliano yake na mpokeaji. Aandikishe malalamishi na apewe nambari ya OB, yaani nambari ya kumbukumbu katika kitabu cha matukio. Asitarajie kampuni ya simu impe yeye binafsi anwani au nambari ya kitambulisho ya mpokeaji. Habari hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wanaoweza kuzipata ni wachunguzi wanaofuata utaratibu wa kisheria.

Lakini polisi huchunguza uhalifu, hawakusanyi madeni. Anayetaka pesa zake hasa, ana njia ya madai. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inairuhusu mahakama hiyo kusikiza kesi za hadi Sh1 milioni, na miongoni mwa madai inayoyashughulikia ni yale ya pesa alizopokea mtu na kuzishikilia ilhali ni za mwingine. Malipo yaliyopotea njia yanaingia hapo barabara. Mlalamishi anaruhusiwa kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60 tangu iwasilishwe.

Wengi huogopa kwenda huko wakidhani wataambiwa kwamba uzembe ulikuwa wao. Woga huo hauna msingi wa kisheria. Mnamo 1841, katika kesi ya Kelly dhidi ya Solari, mahakama ya Uingereza ilizingatia dai la kampuni ya bima iliyomlipa mjane pesa za bima ambayo ilikuwa imekufa kwa kutolipiwa ada. Wakurugenzi walikuwa wamearifiwa jambo hilo, kisha wakalisahau. Majaji walisema kwamba aliyelipa kwa kukosea ukweli wa mambo anaweza kudai chake, hata kama angeweza kuugundua ukweli huo kwa kuwa mwangalifu zaidi. Kenya ilirithi misingi ya sheria hiyo ya Uingereza, na kwa msingi huo kubonyeza 35 badala ya 53 hakumgeuzi mgeni kuwa mwenye mali.

Pamoja na hayo, pima kabla ya kwenda. Kwa Sh400 za nyanya, nauli ya kwenda mahakamani na siku za kufunga kibanda zitagharimu zaidi. Kwa Sh8,600 kuna la kufikiria. Kwa Sh60,000 za pampu ya maji, kunyamaza ni kujionea.

NANI ABEBE HASARA?

Katika pilkapilka za kumtafuta mpokeaji, swali moja husahaulika hadi muuzaji anapolikumbusha: sweta zimelipiwa au hazijalipiwa?

Kwa kawaida, hazijalipiwa. Deni huisha linapolipwa kwa anayedai au kwa mtu aliyemteua. Pesa zilizoingia kwa kijana wa Kitale hazikumlipa mchuuzi wa Gikomba, na mchuuzi hana wajibu wa kungoja mpaka kijana apatikane. Anaweza kungoja kwa utu na kwa ajili ya biashara ya kesho, lakini hiyo ni hisani. Mteja bado anadaiwa Sh8,600, na ndiye mwenye haki ya kumwandama aliyezipokea.

Mambo hubadilika ikiwa kosa lilitoka kwa muuzaji. Chukua mfano wa mwenye duka aliyebadilisha nambari yake ya tili lakini akaiacha karatasi ya zamani ukutani. Mteja anaifuata nambari hiyo bila kukosea hata tarakimu moja, na pesa zinaingia kwa mshirika wa zamani ambaye waliachana kwa ugomvi. Mteja huyu ana hoja nzito kwamba amelipa kama alivyoelekezwa, na kwamba anayepaswa kumsaka huyo mshirika ni mwenye duka.

Ndivyo ilivyo pia kwa nambari iliyoandikwa ovyo, ambapo 3 inasomeka kama 8. Gunia lile lisitupwe. Lipigwe picha kabla wino haujafutika, kwa kuwa mabishano yakizuka, kilichoandikwa ndicho kitakachoonyesha nani alikosea. Bora zaidi ni kumwomba muuzaji aitume nambari yake kwa ujumbe, kisha uinakili kutoka hapo bila kuiandika upya.

JINA LITAKALOTOKEA

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote yalikuwa na kinga, nayo ni Hakikisha. Huduma hiyo ya M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika na kumpa fursa fupi ya kuusitisha. Mbona basi mwanamke wetu hakuusitisha?

Alililiona jina. Tatizo ni kwamba hakujua lipi la kutarajia. Mchuuzi yule sokoni huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na miaka minne ya kufanya biashara pamoja haijawahi kumlazimu mteja kuuliza jina lililo kwenye kitambulisho. Wauzaji wengine hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, dada au mwanao. Katika hali hiyo jina geni kwenye kioo halimshtui mtu, kwa sababu kila mara huwa geni. Mteja hudhani ndilo jina rasmi la mama yule, anabonyeza kukubali, na kinga inapita bila kumkinga.

Dawa yake ni swali moja la kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa: "Jina litakalotokea ni gani?" Muuzaji akishalitaja, basi jina lolote lingine likionekana, mteja ajue kwamba amekosea na asitishe pale pale, wakati ambapo kusitisha hakuhitaji ombi, ridhaa ya mtu wala nambari ya OB.

Kwa anayenunua kwa mtu yuleyule kila wiki, aihifadhi nambari hiyo simuni kwa jina rasmi lililotokea mara ya kwanza malipo yalipofika salama, kisha aichague kutoka hapo kila anapolipa. Na kwa malipo makubwa kwa muuzaji mpya, anaweza kutuma kwanza Sh50, amwombe athibitishe kwamba zimefika, ndipo atume zilizobaki. Ada ya kutuma mara mbili ni ndogo ikilinganishwa na safari ya kumtafuta mgeni.

Mwanamke wa Machakos, katika mfano wetu, alimlipa mchuuzi wake siku mbili baadaye kwa pesa alizokopa kwenye chama. Kijana alirudisha Sh5,600 usiku uleule na Sh3,000 mwisho wa mwezi, kama walivyoandikiana. Kwenye simu yake, nambari ya mchuuzi sasa imehifadhiwa kwa majina mawili: lile la mtoto na lile la kitambulisho.